Hotuba ya Mzee Gizani: Namna ya Kuandaa Maneno ya Dakika Tatu Kabla ya Mti wa Mtaa Kuwaka

Mtaani kwetu, upande wa Mbagala, tuna mvinje mkubwa kwenye uwanja mdogo karibu na kisima. Kila Desemba tunauzungushia taa za kumetameta, na mzee wa mtaa anasema maneno machache kabla taa hazijawashwa. Mimi ni katibu wa kamati ya mti kwa mwaka wa nne sasa. Mambo ya kuchangisha na kupanda ngazi yana watu wake. Kazi yangu ni hotuba. Na hotuba ndiyo iliyotuharibikia mara nyingi kuliko taa.

Tulipokosea mwanzoni ni kudhani kwamba hotuba hii ni sawa na ya harusi au ya kumuaga mstaafu. Sivyo. Hotuba ya kuwasha mti inasemwa gizani, watu wamesimama, watoto wako mbele, na kila mmoja anaangalia kitu kingine, yaani mti. Mzee haonekani vizuri. Karatasi haisomeki. Na taa zikishawaka hakuna atakayemsikiliza tena, hata akiwa nani. Ukilielewa hilo, hatua zote nitakazoeleza zinakuja zenyewe.

Kwanza, panga saa

Usimwandikie mzee hata neno moja kabla hujajua atasimama saa ngapi. Dar es Salaam katikati ya Desemba jua linatua kwenye saa 12:35 jioni. Huku kwetu karibu na ikweta giza haliji polepole. Dakika 25 baada ya jua kutua kunakuwa kiza cha kutosha taa kupendeza. Kwa hiyo saa 1:00 usiku mti ungeweza kuwaka. Lakini saa hiyo waumini wanatoka tu kwenye Magharibi, na nusu ya mtaa wetu ni Waislamu, akiwemo mzee mwenyewe. Isha nayo inaingia karibu saa 1:50. Katikati hapo una kama dakika 50. Sisi tunamsimamisha mzee saa 1:15 kamili, mti unawaka saa 1:20 hata tukichelewa kidogo, na adhana ya Isha inakuta maiki imezimwa zamani.

Kama uko Mwanza, ongeza kama robo saa, maana jua la kule linachelewa kutua kuliko la pwani. Usinakili ratiba ya mtu wa Dar ukajikuta mzee anahutubia mchana kweupe, taa zinawaka na hakuna anayeziona. Ikiwa hujui jua linatua saa ngapi kwenu, toka nje leo jioni uangalie. Tazama ni saa ngapi huwezi tena kusoma gazeti ukiwa nje. Hiyo ndiyo saa yako.

Keti na mzee, usimwandikie

Wiki mbili kabla, nenda kwa mzee mchana, baada ya chakula, asiwe na haraka. Usiende na rasimu. Mwaka wa kwanza mimi nilikwenda na kurasa mbili nilizoandika usiku kucha, maneno ya “mshikamano” na “umoja wetu ni nguvu yetu” yamejaa. Mzee wetu, ambaye tunamwita Babu, alizisoma taratibu, akavua miwani, akaniuliza, “Hii nimeandika lini?”

Sasa ninakwenda na simu, ninaomba ruhusa ya kurekodi, na ninamuuliza mambo matatu tu. Mti huu ulipandwaje? Hapa palikuwa na nini kabla yake? Na kuna jambo gani hutaki kulisema au kulisemewa siku hiyo?

Swali la tatu watu hulisahau, na ndilo linalookoa. Babu yetu ni Mwislamu. Yeye hana shida kuwatakia jirani zake Krismasi njema, lakini aliniambia wazi kwamba hataongoza sala ya dini isiyo yake, na hataki mtu amshike mkono kwenye sala halafu picha izunguke kwenye simu. Nikaenda kwa katekista, tukakubaliana sala iwe mwanzoni, nusu saa kabla, Babu akiwa bado msikitini. Hakuna aliyenuna. Ungeliacha jambo hilo likajitokeza lenyewe mbele ya watu, ungekuwa umemweka mzee mahali pabaya bila sababu. Mzee wako naye anaweza kuwa na la kwake: amefiwa karibuni, ana kesi ya mpaka na jirani aliyetoa umeme, au hataki kukaa karibu na mgombea fulani. Muulize.

Kwenye maswali mawili ya kwanza, mwache azunguke. Utapata dakika arobaini za mazungumzo na ndani yake mna hotuba ya dakika tatu. Kazi yako ni kusikiliza mahali sauti inapobadilika. Babu alinieleza kwa kirefu bei ya mabati ya wakati ule, nami nikawa naitikia tu. Kisha akafika kwenye maji ya mchele, na akanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Pale ndipo nilipojua hotuba iko wapi. Utaona mbele.

Pima urefu kwa mdomo wake, si kwa saa yako

Mzee anayesema kwenye maiki, uwanjani, akisubiri watu waitikie na wacheke, hufikisha maneno kama 80 au 90 kwa dakika. Kijana anayesoma chumbani anapita 130. Kwa hiyo ukiandika maneno 400 ukajisomea mwenyewe, utasema ni dakika tatu, na siku yenyewe zitakuwa tano. Dakika tano gizani, umesimama, umebeba mtoto, ni nyingi mno. Lenga maneno 230 hadi 260.

Kisha mpime. Si kwa kusoma; kwa kusema, amesimama. Mimi huwa namwambia, “Babu, nisimulie tena ya mbuzi,” halafu nabonyeza saa ya simu kimyakimya. Akipita dakika tatu na nusu, tunaondoa kisa kizima, hatupunguzi maneno hapa na pale. Mzee hakumbuki sentensi, anakumbuka visa. Ukimwondolea maneno mawili hapa na manne pale, siku ile yote yatarudi.

Hotuba yote iwe na mambo matatu ya kukumbuka, basi. Sisi tunayahesabu vidoleni: korongo, mbuzi, tawi. Babu huyasema hivyo akiwa anatembea kuja uwanjani, kama mtu anayekumbuka vitu vya kununua dukani. Karatasi haiingii. Mwaka mmoja tulimpa karatasi na kijana wa kumulika tochi. Tochi ikamulika karatasi, mwanga ukarudi kwenye miwani, Babu akawa hasomi wala haoni watu. Kama mzee wako hawezi kabisa bila karatasi, iandike kwa kalamu nene, maneno matatu tu, herufi za ukubwa wa kidole, na tochi itoke nyuma ya bega lake.

Salamu: hapa ndipo muda unapoibwa

Sisi Watanzania tunapenda kusalimu, na mzee asiposalimu vizuri hotuba imeanza vibaya. Lakini kila salamu ina kiitikio chake, na kila kiitikio kinakula sekunde tano au sita. Ukianza na za dini zote, kisha mheshimiwa diwani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe, viongozi wa dini, wazee wenzangu, kina mama, vijana, dakika nzima imekwisha na watoto wameanza kusukumana.

Chukua salamu mbili za dini, kisha wasalimu watoto. Watoto wawe wa mwisho, kwa sababu wao ndio wenye sauti kubwa, na wakishaitikia uwanja wote umenyamaza kumsikiliza aliyewasalimu. Wakubwa wote wanaingia kwenye sentensi moja ambayo kila mtu anaijua: itifaki imezingatiwa.

Shukrani ni mtego wa pili. Mtaani kwetu wanachangia watu kama sitini, wengine elfu mbili, wengine waya, mmoja ngazi. Ukitaja kumi, hamsini wamekasirika. Kanuni yetu: ama wote, ama hakuna hata mmoja. Majina yote yanaandikwa kwenye karatasi kubwa inayobandikwa kwenye kibanda cha Mama Vitumbua tangu siku tatu kabla, na kila mtu anakwenda kujitafuta. Kwenye hotuba hakuna jina. Nyumba inayotupa umeme nayo tunaishukuru kwa kuinunulia uniti, na hilo wanalipenda kuliko kutajwa.

Diwani akija, mshereheshaji amweleze mapema kwamba atasalimia baada ya mti kuwaka. Yeye mwenyewe atafurahi: atapigwa picha kwenye mwanga. Lakini usikubali achukue maiki kabla ya mzee, hata kwa “neno moja tu”.

Sentensi ya mwisho ndiyo swichi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipoharibu vibaya zaidi.

Fundi wetu anakaa kando ya nyumba ya kona, mkono kwenye swichi, mita kama 20 kutoka kwa mzee. Hamwoni, anamsikia tu kwenye spika. Mwaka wa pili tulikubaliana kwamba mzee akisema “washa”, yeye anawasha. Ni rahisi kabisa. Babu akafika katikati ya hotuba, anasimulia usiku mmoja wa mafuriko, akasema: “Nikamwambia mke wangu, washa kibatari tuone maji yamefika wapi.” Mti ukawaka. Watoto wakapiga kelele, spika ya muziki ikafunguliwa, na Babu akabaki na kibatari chake mkononi. Ile hadithi ya maji mpaka leo hatujaisikia mwisho wake.

Tangu hapo tuna masharti mawili. Neno la kuwashia lisiwe neno la kawaida, na lisitokee popote pengine kwenye hotuba. Sisi tulichagua “ng'aa”. Sharti la pili, kabla yake kuwe na hesabu ya watoto kutoka tano kushuka. Hesabu inamwandaa fundi, inawaandaa wenye simu za kupiga picha, na inampa mzee nafasi ya kuvuta pumzi. Fundi hawashi kwenye “moja”. Anasubiri “ng'aa”. Ukiacha awashe kwenye “moja”, watoto watahesabu haraka kuliko mzee na mti utawaka kabla ya sentensi yake.

Na maneno ya kutoa wosia au kuonya vijana kuhusu bangi yasikae karibu na sentensi hii. Ikiwa mzee lazima aonye, aonye mwanzoni. Mwishoni awe anaelekeza macho ya watu juu, kwenye mti, na yeye mwenyewe ajiondoe njiani. Winston Churchill alizungumza kwenye kuwasha mti wa Ikulu ya Marekani mkesha wa Krismasi mwaka 1941, akiwa na Rais Roosevelt, wiki chache tu baada ya Bandari ya Pearl kushambuliwa. Angeweza kuongea vita mpaka usiku wa manane. Aliitaja, lakini akaomba watoto waachiwe usiku wao wa furaha. Ikiwa yeye aliweza kuwaachia watoto usiku ule, mzee wako ataweza kuacha habari ya mtaro ulioziba hadi Januari.

Hotuba yenyewe

Hii ndiyo aliyosema Babu mwaka jana, nilivyoinukuu kwenye simu, kwa idhini yake. Ina chini ya maneno 190 na ilichukua dakika tatu kasoro kidogo pamoja na vicheko.

“Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Watoto, hamjambo? Marahaba, marahaba. Wakubwa wote, itifaki imezingatiwa.

Huu mvinje tuliupanda mimi na mke wangu, mwaka 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimeondoka na barabara yetu. Hapa niliposimama palikuwa korongo. Ukienda kazini asubuhi, viatu mkononi, suruali umeikunja. Tukasema tupande kitu kishike udongo. Tukapata miche mitatu. Miwili ikaliwa na mbuzi. Mwenye mbuzi yupo hapa, ananisikia, na mimi simtaji.

Huu mmoja mke wangu akauzungushia miiba. Maji ya bomba hayakuwepo. Akawa kila jioni akiosha mchele, yale maji hayamwagi, anayaleta hapa. Mimi nikamcheka. Nikamwambia, unalisha mti wali? Akaniambia, wewe subiri.

Mwenzangu hayupo leo. Mungu amrehemu. Nimesubiri, na mmeona.

Sasa mimi sikukuu yangu ni Idi, mnanijua. Na siku ya Idi mnakuja kwangu kula pilau, tena wengine mnakuja na vyombo vya kufungia. Leo zamu yenu. Nimekuja, na chombo changu kiko nyumbani kimeoshwa.

Fundi aliniuliza, Babu, taa zifike wapi? Nikamwambia ziishie kwenye lile tawi lililovunjika. Watoto wa mtaa huu wote walijifunzia kupanda pale. Aliyelivunja leo ni baba wa watu, yupo hapo nyuma amekunja mikono. Na yeye simtaji.

Haya watoto. Msiniangalie mimi. Angalieni juu. Juu kabisa. Hesabuni na babu yenu. Tano! Nne! Tatu! Mbili! Moja!

Mvinje wetu, ng'aa!”

Angalia yaliyomo. Kisa cha mbuzi kinachekesha kwa sababu hakuna jina, na kila mtu anajua ni nani. Hicho ni kipaji cha wazee, usikiharibu kwa kumwambia amtaje. Habari ya mke imekuja kwa sentensi fupi tatu, na baada ya “nimesubiri, na mmeona” Babu alinyamaza sekunde kadhaa. Mshereheshaji alikuwa ameshaonywa asijaze kimya hicho kwa “makofi tafadhali”. Mambo ya dini yamepita kwenye pilau, hakuna aliyehubiriwa kuishi pamoja. Na tawi lililovunjika ndilo linalowapeleka watu kutazama juu, kwa hiyo Babu hakuhitaji kusema “sasa tuelekee kwenye tukio letu kuu”.

Hakuna neno “washa” humo. Nilihesabu mara tatu.

Swali la taa zifike wapi, kwa mnaouliza, halikuwa mapambo ya hotuba. Mvinje unakua haraka, na wetu umeshapita paa la ghorofa tano. Ngazi ya fundi haifiki hata theluthi. Lile tawi lilikuwa mwisho wake kweli. Ukiweza kumpa mzee sababu nzuri ya upungufu ambao watu wangeunung'unikia, mpe.

Maiki, miguu na spika

Mzee akitafuta neno, mkono unashuka. Maiki inafika tumboni, na watu wanasikia mwanzo wa kila sentensi tu. Dawa si kumpigia kelele “Babu inua maiki”. Mpe maiki yenye stendi, ishike kimo cha kidevu, chini kidogo ya mdomo kwa upana wa vidole vinne, na yeye ashike fimbo yake kwa mikono miwili. Spika ziwe mbele yake zikitazama watu. Zikikaa nyuma yake zitalia ule mlio wa kutoboa masikio. Jaribuni jioni moja kabla, mzee mwenyewe akiwepo, kwa sababu sauti ya kijana wa muziki si sauti ya mzee wa miaka 78.

Spika na mti zisitoke kwenye swichi moja. Najua inasikika kama jambo la wazi. Mwaka wa kwanza fundi alizima mti wakati wa kusubiri na akazima na maiki ya katekista.

Umuwekee mzee kiti hatua tatu kutoka kwenye stendi, na mjukuu mmoja wa kumshika kiwiko akienda na kurudi, mwenye tochi ya kumulika chini. Nyaya zisipite njia yake. Mti ukiwaka ghafla macho ya mzee yatapotea kwa muda, ndipo wengi hujikwaa. Asigeuke kuutazama akiwa anatembea. Akae kwanza.

Na majani makavu ya mvinje, zile sindano zinazodondoka, yafagiwe yote chini ya mti mchana ule. Yanashika moto upesi mno. Mishumaa hatuwashi kabisa uwanjani, hata mikononi mwa watoto.

Taa zisipowaka

Itatokea. Babu atasema “ng'aa” na kutakuwa kimya. Hapo watu wote wanamgeukia mzee, na mzee anamgeukia fundi, na fundi haonekani.

Mpe mzee kisa cha akiba. Kimoja, cha dakika moja, kisichohusu taa wala umeme. Babu anacho cha ng'ombe aliyeingia kwenye sherehe ya ndoa. Akisema neno na mti usiwake, anahesabu kimoyomoyo hadi tano, kisha anasema, “Mvinje umechoka, ngoja niusimulie,” na anaanza. Hiyo dakika inamtosha fundi kukagua mambo matatu kwa mpangilio huu: plagi ya mwanzo kama imeingia sawasawa, swichi ya soketi ya ekstensheni kama haijazimwa na mguu wa mtoto, na mita kama ina uniti. Msicheke hilo la mwisho. Tulijaribu taa mchana, zikawaka vizuri. Jioni mwenye nyumba akapiga pasi nguo za kanisani za familia nzima, na saa 1:18 uniti zikaisha. Sasa tunanunua siku ile ile saa 11 jioni, na mtu mmoja anasoma namba kwenye mita kwa macho yake.

Ikiwa upande mmoja tu wa mti umewaka, endeleeni. Watu wanaona kilichowaka.

Ikiwa umeme wa mtaa mzima umekatika, mzee asihangaike na kisa cha pili. Mshereheshaji awaombe wenye simu wamulike tochi zao juu kwenye matawi, watoto waimbe, basi. Umeme ukirudi saa tatu mti utawaka wenyewe kama swichi imeachwa wazi, kwa hiyo fundi asiizime kwa hasira. Mwaka mmoja ulirudi wakati watu wanakula, na nakwambia kelele zilizopigwa zilishinda za hesabu ya kawaida. Babu hakurudishwa kwenye maiki kusema tena. Usimrudie mzee. Alishasema.

Mara baada ya kuwaka

Kijana wa muziki ana kazi moja kabla ya kufungua wimbo wowote: kuzima maiki ya mzee. Azime kwenye mashine, si kumwendea na kumpokonya. Mwaka jana alichelewa sekunde kumi. Mti umewaka, watoto wanaruka, watu wazima wamenyanyua simu, na kwenye spika mbili kubwa mtaa mzima ukasikia: “Haya nimemaliza. Chai yangu iko wapi, na yule mwenye mbuzi kaenda wapi?”